Ndevu zinawasha na kutoa unga? Usikimbilie mafuta

Kama unafuga ndevu na kila ukijikuna unga mweupe unadondokea kwenye shati, huenda umeshauriwa uongeze mafuta. Ushauri huo unafaa kwa ngozi kavu. Kama ni mba, mafuta hayohayo yanaweza kuuzidisha.

Mba wa ndevu unahusiana na malasezia, fangasi wanaoishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu na ambao chakula chao ni mafuta. Ukipaka mafuta ya nazi au ya zeituni, ambayo watu wengi hutumia, unawaongezea chakula.

Simama mbele ya kioo, tenganisha ndevu uitazame ngozi yenyewe. Ngozi kavu hutoa unga mwembamba na hubana baada ya kunawa kwa sabuni. Mba hutoa magamba yenye mafutamafuta, pengine ya manjano, na ngozi iliyo chini huwa nyekundu au, kwa sisi weusi, hupauka au kuwa nyeusi zaidi. Angalia pia nyusi na pembeni mwa pua. Kukiwa na magamba huko, shuku mba.

Tuseme kijana wako amekuwa akipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni na bado anawashwa, na nyusi zina magamba. Aache mafuta hayo. Anunue famasi shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2, aipake kwenye ndevu zilizolowa hadi ifike kwenye ngozi, aiache dakika 5, kisha asuuze vizuri. Afanye hivyo mara 2 kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4. Wengi hukosea kwa kusuuza mara moja, dawa haipati muda wa kufanya kazi. Shampuu hiyo hukausha nywele, kwa hiyo baada yake apake kondishena kwenye nywele tu, kisha asuuze.

Ngozi ikitulia, mafuta yanaweza kurudi. Matone 3 hadi 5 yanatosha ndevu fupi, yapakwe zikiwa na unyevu baada ya kuoga, kisha zichanwe kwa kitana chenye meno mapana. Ile bamu yenye nta ya nyuki kazi yake ni kulaza nywele zinazosimama. Kiasi cha punje ya harage kinatosha. Mwenye chunusi aiepuke, maana huganda kwenye ngozi. Mba hupenda kurudi, hivyo shampuu iendelee mara 1 kila wiki 1 au 2.

Muone daktari ukiona mabaka yanayopoteza nywele, usaha au maumivu, kwani huo si mba wa kawaida. Mba mkali uliosambaa ghafla usoni na kifuani nao usiufiche kwa mafuta. Wakati mwingine huambatana na upungufu wa kinga, na daktari anaweza kukushauri upime VVU.