Mrututu wa wakulima na mstari wa rangi

Mmumunyo wa mrututu huonekana buluu kwa sababu humeza mwanga mwekundu, na humeza zaidi ule usioonekana ulio jirani yake, wa nanomita 800 hivi. Kadiri mrututu unavyokolea, ndivyo mwanga unavyomezwa. Hiyo ndiyo kanuni ya Beer na Lambert: ufyonzaji huongezeka sawia na ukolezo, pia na unene wa kichupa.

Andaa mimumunyo ya gramu 2, 4, 6 na 8 kwa lita. Weka kwanza maji matupu katika spektrofotomita, isome sifuri. Kwa kichupa cha sentimita 1 utapata takriban 0.10, 0.19, 0.29 na 0.38. Chora nukta hizo, pitisha rula: kila gramu inaongeza 0.048. Sampuli usiyoijua ikisoma 0.24, gawanya kwa 0.048, ni gramu 5 kwa lita.

Ikisoma 2, usiiamini haraka. Hapo inapenya asilimia 1 tu ya mwanga, na mstari huanza kupinda. Izimue mara kumi, upime tena, kisha uzidishe jibu kwa kumi. Tope nalo hudanganya, kwani hutawanya mwanga na mashine huhesabu kuwa ni mrututu; chuja kwanza.