Vifo Vinne Badala ya Viwili: Hesabu ya Matukio Adimu Wodini

Chukulia hospitali ambamo wanawake 1,000 hujifungua kila mwaka, na kwa miaka mingi wastani wa vifo vya uzazi umekuwa viwili. Mwaka huu vimetokea vinne. Katika kikao cha tathmini husemwa upesi kwamba vifo vimeongezeka maradufu, na lawama huwaangukia wakunga wa zamu. Kabla ya kulaumu, inafaa kuuliza: iwapo hakuna kilichobadilika katika huduma, vifo vinne au zaidi hutokea mara ngapi kwa bahati tu?

Kila uzazi una matokeo mawili: mama kupona au kufariki. Uwezekano wa kufariki hapa ni 0.002. Hesabu inayofuata uzazi mmoja mmoja hivyo huitwa mgawanyo wa binomiali. Uwezekano wa mwaka kupita bila kifo ni 0.998 ikijizidisha mara 1,000, yaani asilimia 13.51.

Siméon Denis Poisson, mwanahisabati Mfaransa, alionyesha mwaka 1837 kwamba majaribio yakiwa mengi na uwezekano ukiwa mdogo sana, wastani peke yake watosha. Mwaka usio na kifo hupata uwezekano wa e⁻², yaani asilimia 13.53. Tofauti na jibu la kwanza haionekani kwa macho.

Kutoka hapo kazi ni nyepesi. Ili kupata kifo kimoja, zidisha 0.135 kwa 2, kisha ugawe kwa 1; vifo viwili, zidisha jibu hilo kwa 2, ugawe kwa 2; vitatu, zidisha tena kwa 2, ugawe kwa 3. Hupatikana 0.271, 0.271 na 0.180. Jumla, pamoja na ile 0.135 ya mwanzo, ni 0.857. Kinachobaki, 0.143, ndicho uwezekano wa vifo vinne au zaidi: takriban mwaka mmoja katika kila saba. Vifo sita au zaidi vingekuwa jambo jingine, kwani uwezekano wake haufiki asilimia 2. (Hata hivyo, jalada la kila mama hupitiwa, hesabu haisemi kwa nini alifariki.)

Njia hii hudai kwamba kifo kimoja kisivute kingine. Benki ya damu ikiishiwa, au maambukizi yakienea wodini, sharti hilo huvunjika. Dalili yake huonekana kwenye rejista: katika mgawanyo wa Poisson, varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, hulingana na wastani. Miaka sita yenye vifo 0, 0, 6, 0, 1 na 5 ina wastani wa 2, lakini varianzi yake ni 7.6. Vifo hivyo vimekuja kwa makundi, na chanzo cha pamoja hakina budi kutafutwa.

Aidha, wanaojifungua wakifika 2,000 kwa mwaka, wastani unaotarajiwa huwa vinne, na vifo vinne havionyeshi ongezeko lolote la hatari kwa kila mama.