Tuisheni ya Hisabati Dar es Salaam: ghali kwa mzazi, hasara kwa mwalimu

Mwalimu mmoja wa Hisabati anayeishi Mbagala ana bei tatu kwa somo lilelile. Akimfuata mtoto wa kidato cha nne nyumbani kwao Mbezi Beach, anatoza shilingi 15,000 kwa saa. Wanafunzi sita wakikusanyika jirani na kwake, kila mmoja analipa 2,000 kwa saa. Kwenye kituo, ambako watoto hufika 50 katika chumba kimoja, kipindi cha saa mbili ni shilingi 1,000, sawa na 500 kwa saa. Bei hizo ni zake na hazilingani kila mtaa. Hata hivyo, wazazi wengi huziona kama ngazi za ubora: aliyelipa zaidi amenunua mwalimu bora zaidi. Hapa mwalimu ni yuleyule.

Tuanze na huyo anayelipa 15,000, kwa sababu ndiye anayelalamikiwa zaidi. Kipindi cha saa mbili kinampa mwalimu shilingi 30,000. Kwenda na kurudi, kwa daladala na kumalizia na bodaboda, anasema anatumia 9,000, na foleni inamla saa tatu. Anabakiwa na 21,000 kwa saa tano za jasho, yaani 4,200 kwa saa. Lile kundi la watu sita linaleta 24,000 kwa saa mbili. Akitoa 2,000 za chumba na kalamu za ubao, anabakiwa na 22,000 bila kupanda gari lolote. Hizo ni 11,000 kwa saa. Mtoto anayelipa 2,000 ndiye anayemlisha mwalimu, na yule wa Mbezi Beach anakula muda wake.

“Mzazi anaona ananilipa hela nyingi, kwa hiyo anajiona bosi,” anasema. “Nafika getini, naambiwa mtoto kalala. Au wamekwenda kwenye harusi, hakuna aliyenipigia. Nikidai hata nauli naambiwa, ‘Mwalimu, si hujafundisha?’ Mwisho wa mwezi wanahesabu vipindi, vya kwao wanavikumbuka, vyangu wanasahau. Kuna mzazi tuliafikiana anilipe nusu mwanzoni na nusu matokeo yakitoka. Mtoto alipata C. Akaniambia yeye alitaka B.”

Dawa aliyoipata ni kutoza kwa mwezi badala ya saa, na kupokea hela kabla ya kuanza. Vipindi viwili kwa wiki vinafika 240,000 kwa mwezi. Wateja wawili walimkimbia kwa sharti hilo, na anasema hajutii. Anachofikiria sasa ni kuacha kabisa safari zinazovuka jiji. Wenzake wakifanya hivyo pia, watoto wa maeneo ya mbali watabaki na walimu wachache wenye usafiri wao, na bei ya huko haina pa kwenda ila juu. Lakini huenda wasifanye hivyo, kwani kila mwaka wapo vijana wapya wenye shahada ya ualimu wasio na ajira, walio tayari kupokea chini ya hapo.

Kituo kina hesabu yake. Watoto 50 kwa 1,000 wangeleta 50,000, lakini mwalimu anasema wanaolipa siku yenyewe hawazidi 35. Mwenye kituo huchukua asilimia 40, mwalimu anaondoka na 21,000. Tatizo lipo kwa mtoto. Ukigawa dakika 120 kwa vichwa 50, kila mmoja anapata chini ya dakika mbili na nusu za jicho la mwalimu, na hizo ni kama mwalimu hageukii ubao kabisa. Swali la mtihani uliopita linafanywa ubaoni, watoto wananakili, kengele inagonga. Daftari halisahihishwi. Na bei ya 1,000 haijahesabu nauli ya mtoto, ambaye Jumamosi akipanda daladala bila sare konda humdai nauli ya mtu mzima.

Ofisa mmoja wa elimu, ambaye hakutaka atajwe, haoni haja ya yote haya. Kwa maelezo yake, ratiba inatoa vipindi sita vya Hisabati kwa wiki, kila kimoja dakika 40. “Hizo ni saa nne kamili. Mwanafunzi anayezitumia vizuri hahitaji tuisheni,” alisema, akaongeza kwamba tuisheni ni biashara inayostawi kwa hofu ya wazazi. Hofu ipo, hilo kweli. Lakini hizo saa nne ni za kwenye karatasi. Tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa ya shule nyingi za umma yamefurika. Toa siku za mitihani ya ndani, za michezo na za mwalimu kuitwa semina, kisha gawa zinazobaki kwa darasa lililojaa. Nilipomuuliza ofisa ni vipindi vingapi kati ya hivyo sita hufundishwa kweli, alirudia namba ileile ya ratiba.

Kinachoulizwa kwa nadra zaidi ni matokeo gani yananunuliwa. Kidato cha nne, F inaishia alama 29, D inaanzia 30, C inaanzia 45. Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi moja na F pointi tano. Chukua mwanafunzi wa masomo tisa mwenye 18 ya Hisabati. Akipandishwa hadi 32 kwa kazi ya miezi minne, ambayo kwa tuisheni ya nyumbani ni shilingi 960,000, ameokoa pointi moja. Na kama ana masomo saba mengine aliyofaulu kwa D au zaidi, Hisabati haikuwa kwenye hesabu toka mwanzo, na divisheni yake haisogei hata kidogo. Fedha hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye somo ambalo yupo 42.

Kwa anayelenga tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati mambo ni mengine kabisa, maana bila C matumaini ni finyu. Hapo swali ni kwa nini mtoto anakosa. Mwenye 40 kwa kawaida anajua njia ila anakosea katikati. Kundi dogo lenye masahihisho ya kila wiki linamtosha, kwa 32,000 kwa mwezi. Mwenye 18 mara nyingi amekwama kwenye sehemu na aljebra za kidato cha kwanza, na hakuna kituo cha watu 50 kitakachorudi huko kwa ajili yake. Huyo ndiye anayehitaji mwalimu wa peke yake, na aanze kidato cha pili au cha tatu, kabla ya msimu wa Septemba ambapo kila mtu anatafuta mwalimu na mtihani ni Novemba.

Mzazi, kabla ya kutoa hela, mwonyeshe mwalimu karatasi ya mtihani wa mwisho wa mtoto, umuulize alama zilipotea wapi. Baada ya wiki nne, fungua daftari. Kama hakuna masahihisho ya mkono wa mwalimu, hamisha mtoto, hata kama saa moja inauzwa 500.