"Kalipua Tena": Maneno ya Daftarini Yanapoingia Kwenye Tathmini

Juni inapokaribia kwisha na mwaka wa fedha ukiwa ukingoni, wasimamizi wengi katika ofisi za umma Tanzania hufungua madaftari yao na kukuta maneno waliyoyaandika mbiombio tangu Julai iliyopita. "Kachelewa tena!!" "Kiburi kikaoni." "Mtu safi, anajituma." "Hana ubunifu." "Kalipua kazi." Pembeni mwa ukurasa huohuo pengine kuna namba ya simu ya fundi bomba. Sasa maneno hayo yanatakiwa yageuke kuwa maelezo ya tathmini ambayo mtumishi mwenyewe atayasoma, atayajibu na kuyatilia sahihi.

Kusoma huko ndiko kulikobadilisha kazi ya kuandika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtumishi wa umma alipimwa kwa taarifa ya siri: mkubwa wake aliandika, karatasi ikapanda ngazi, na aliyeandikwa kwa kawaida hakuiona. Mwaka 2004 ulikuja mfumo wa wazi, maarufu kwa jina la OPRAS, ambao kwa Kiswahili ulipewa kifupi cha MWAMTUKA. Mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo Julai, wakapitia maendeleo Desemba, wakatathmini Juni. Siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye kompyuta, katika mfumo wa PEPMIS, lakini anayeandika bado ni mtu yuleyule mwenye daftari lilelile.

Kiswahili chenyewe kina mitego yake hapa. Mtu akichelewa Jumatatu, kilichotokea ni "alichelewa". Akichelewa tena wiki mbili baadaye, daftari linaandika "huchelewa", na ile "hu-" ndogo imegeuza matukio mawili kuwa tabia. Ikifika Juni neno limekuwa "mchelewaji", na sasa tabia imekuwa mtu. Kuchelewa kwenyewe hakukuongezeka. Sarufi ndiyo iliyopanda ngazi. Hali kadhalika "kachelewa" na "kalipua" za mitaani, ambazo zinasikika vizuri mdomoni lakini hazisemi lini wala mara ngapi. Kuandika tathmini vizuri ni kushuka ngazi hizo moja moja, kutoka mtu hadi tabia, kutoka tabia hadi tukio lenye tarehe.

Tuchukue mfano wa karani wa masjala katika ofisi ya halmashauri. Ni mfano wa kutungwa, ingawa waliowahi kufanya kazi masjala watamtambua. Yeye ndiye anayepokea barua, kuzisajili siku hiyohiyo, kuziweka kwenye majalada yake na kutoa majalada kwa maofisa wanaoyahitaji. Maneno matano yaliyotajwa mwanzoni yote yanamhusu yeye.

"Kachelewa tena!!" ndilo rahisi, kwa kuwa lina ushahidi nje ya kichwa cha msimamizi. Daftari la mahudhurio linaonyesha alifika baada ya saa 1:30 asubuhi mara 9 katika mwaka mzima, 7 kati ya hizo Aprili na Mei. Tarehe 20 Mei walizungumza, na tangu hapo hakuna siku aliyochelewa. Alama mbili za mshangao daftarini hazikuwa na nafasi ya kusema hilo. Wala hazikusema madhara yake yalikuwa nini: mara mbili dirisha la masjala lilifunguliwa huku watu wakisubiri nje. Siku nyingine mwenzake alikuwapo na kazi haikusimama.

Neno gumu ni "kiburi".

Hakuna aliyewahi kukiona kiburi kwa macho. Kinachoonekana ni mtu kufanya jambo fulani, na anayetazama akalipa jina. Kwa hiyo msimamizi anajiuliza: siku ile kikaoni, kama kungekuwa na mtu anarekodi kwa simu, angerekodi nini? Anakumbuka. Ilikuwa Machi. Ofisa mmoja alilalamika mbele ya wote kwamba amenyimwa jalada la kiwanja. Karani akajibu, kwa sauti ya juu, kwamba jalada halitoki bila ofisa kutia sahihi kwenye daftari linaloonyesha nani kalichukua na lini, na kwamba ofisa huyo alikataa kusaini. Sentensi hiyo ikishaandikwa, neno kiburi linakatika vipande viwili. Kipande cha kwanza ni sifa, kwani karani alikuwa analinda utaratibu ambao bila wenyewe majalada hupotea, tena mbele ya mtu anayemzidi cheo. Kipande cha pili ni namna alivyosema, na hapo kuna la kurekebisha. Daftari lilikuwa limezika sifa ndani ya lawama.

Maelezo yake basi yanasomeka hivi: "Katika kikao cha Machi alisimamia ipasavyo utaratibu wa kusaini kabla ya kuchukua jalada. Alijibu kwa sauti ya juu mbele ya wajumbe. Suala kama hilo angeweza kulifikisha kwa msimamizi kabla ya kikao." Mtu anaweza kubishana na sentensi hiyo, na hilo ndilo jambo zuri juu yake. Na "kiburi" utabishana nacho vipi? Ukikataa, umekithibitisha.

Sifa nazo zinapita kwenye chekeche hilohilo, ingawa wengi huona aibu kuzichekecha. "Mtu safi, anajituma" inapendeza, lakini karani hawezi kujua afanye nini tena mwakani ili aitwe hivyo. Isitoshe, sifa ya jumla ina tabia ya kusambaa. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionyesha kwamba maofisa wa jeshi waliowapima watu wao walishindwa kutenganisha sifa moja na nyingine: aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri kwa yote, akili, umbo, uongozi hata tabia. Kinyume chake pia hutokea. Dawa ya masjala ni kuuliza: alijituma lini? Wakati wa ukaguzi wa Novemba alibaki ofisini hadi saa 2 usiku kwa siku tatu, na majalada yote 35 yaliyoombwa na wakaguzi yalipatikana. Hayo yakiandikwa, "mtu safi" haihitajiki tena.

"Hana ubunifu" inafika mwisho wake mapema. Msimamizi anatafuta tukio na halipati. Anatafuta lengo la Julai lililotaka ubunifu, nalo halipo. Hakumbuki hata siku moja alipomwomba karani pendekezo. Neno hilo linafutwa kabisa, halilainishwi. Wapo wanaodhani kuandika upya ni kutafuta maneno matamu ya kubeba kauli ileile, kwa hiyo "hana ubunifu" inageuka kuwa "anayo nafasi ya kukuza ubunifu wake". Kauli haijapata ushahidi kwa kuvishwa kanzu. Ndugu yake wa karibu ni ile "ajitahidi zaidi" ya ripoti za shule, ambayo mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho wote huandikiwa.

Inabaki "kalipua kazi", ambayo iliandikwa wiki ya pili ya Juni na wino wake bado mbichi. Hatari yake ni huo ubichi: jambo la juzi linaufunika mwaka mzima. Karani aliagizwa kupanga majalada 400 yaliyofungwa, kwa wiki mbili. Alimaliza kwa wakati, lakini majalada 60 yalipewa namba zisizo zake, na kazi ya kuyarudia ilichukua siku nne. Ni kosa la kweli na linaandikwa lilivyo. Pembeni yake kuna lengo kuu walilokubaliana Julai, la kusajili barua siku zinapoingia, na rejista inaonyesha lilitimizwa miezi 10 kati ya 12. Miezi miwili iliyopungua ni ileile Aprili na Mei.

Hapo ndipo suala la mizani linapoeleweka vibaya zaidi. Wengine hutafuta sifa moja kwa kila lawama, kama muuza duka anayesawazisha mawe ya kilo. Lakini kama mwaka ulikuwa mzuri kwa sehemu kubwa, maelezo yenye nusu lawama yanadanganya, sawa na yale yenye nusu sifa kwa mwaka uliokuwa mbaya. Maelezo yanapaswa kufuata uzito wa mwaka wenyewe. Ya karani yanakuwa hivi:

"Lengo la kusajili barua siku zinapoingia lilitimizwa miezi 10 kati ya 12. Wakati wa ukaguzi wa Novemba majalada yote 35 yaliyoombwa yalipatikana. Aprili na Mei alichelewa kufika mara 7, na usajili ukarudi nyuma. Baada ya mazungumzo ya tarehe 20 Mei hakuchelewa tena. Juni alipanga majalada 400 kwa wakati, lakini 60 yalipewa namba zisizo sahihi na kurudiwa. Mwakani kazi ya aina hiyo itahakikiwa kwa kila majalada 50 kabla ya kuendelea."

Sentensi ya mwisho imetaja kipimo, hivyo Desemba ijayo wote wawili watajua kama ilifanyika.

Baadaye inakuja namba. Katika fomu ya OPRAS, 1 ndiyo iliyokuwa alama ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa, kinyume na mazoea ya wengi. Maneno na namba vikipingana, msomaji ataamini namba, na mtumishi atabaki kujiuliza ni kipi kilichokusudiwa. Maelezo ya karani yanabeba 2 bila taabu. Msimamizi aliyetaka kumpa 4 kwa hasira za Juni angelazimika kuandika mwaka mwingine kabisa.

Upole wa uongo nao una gharama. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, zinamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kwa utendaji duni aonyeshe kwamba alichunguza sababu, akamwelekeza, na akampa muda wa kujirekebisha. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwajiri aliyeandika "anafanya vizuri sana" miaka mitatu mfululizo kwa kuogopa maneno, kisha akamfukuza mtu kwa uzembe, anafika mbele ya wasuluhishi akiwa amebeba ushahidi wa upande wa pili.

Karani aliposomewa maelezo yake alikubali ya majalada 60 bila ubishi. La kuchelewa alilikataa kwa sehemu. Siku mbili za Mei, alisema, alikuwa ametumwa kupitia Posta kuchukua barua kabla ya kufika ofisini, na daftari la barua za Posta likafunguliwa. Sahihi yake ilikuwapo, tarehe zote mbili. Msimamizi alikata 7 ya Aprili na Mei, akaandika 5, wakaweka herufi za majina yao pembeni ya masahihisho, kisha wakasaini chini.