Ubia Ukivunjika, Hasara ya Mali Ni ya Nani?

Wabia wawili wanapokaa kugawana kilichobaki baada ya kufunga biashara, ugomvi huzuka penye swali moja. Mashine zilizoandikwa vitabuni shilingi milioni 12 zimeuzwa milioni 7.5, pengo hilo alibebe nani? Mmoja husema abebe zaidi aliyeweka mtaji mkubwa. Mwingine husema fedha iliyobaki ikatwe nusu kwa nusu, kila mtu ashike njia yake. Majibu yote mawili yanaweza kumnyang'anya mtu haki yake bila hata mmoja wao kukusudia dhuluma.

Wahasibu wana akaunti maalumu ya kazi hii. Huitwa akaunti ya rialaizesheni, na kwa lugha nyepesi ni akaunti ya uuzaji wa mali. Hufunguliwa mara moja tu katika maisha ya ubia, siku unapovunjwa, na ina kazi moja: kukusanya mahali pamoja thamani ya mali kama ilivyokuwa vitabuni na fedha iliyopatikana kweli, ili tofauti ionekane wazi na igawanywe kwa kanuni.

Tuchukue mfano wa karakana ya samani pale Keko, Dar es Salaam. Wabia ni wawili: mmoja alileta fedha, tumwite Tajiri, mwenzake alileta mashine chache na ujuzi wake, tumwite Fundi. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba faida itagawanywa sawa kwa sawa. Siku ya kufunga, vitabu vyao vinaonyesha mashine za milioni 12, guta la kubebea mizigo la milioni 5, mbao na samani za milioni 6, wateja wanaodaiwa milioni 3, na milioni 1 benki. Jumla ni milioni 27. Upande wa pili, karakana inadaiwa milioni 5 na muuza mbao, mwenye fremu na vibarua. Tajiri aliwahi kuikopesha karakana milioni 2 nje ya mtaji wake. Mtaji wa Tajiri ni milioni 14 na wa Fundi ni milioni 6. Hapo pia jumla ni milioni 27.

Kabla ya kuuza chochote, inafaa wabia waelewe kwa nini bei itashuka. Mashine zile zilinunuliwa milioni 20, na kila mwaka vitabu vilikata asilimia 10 ya bei hiyo kama uchakavu. Baada ya miaka minne zimebaki milioni 12. Hesabu hiyo ni njia ya kutawanya gharama ya mashine katika miaka ya kazi. Haikumwuliza mnunuzi yeyote atatoa kiasi gani. Tena mnunuzi anayejua kwamba karakana inafungwa na pango linaisha mwisho wa mwezi hana haraka ya kupandisha dau. Kwa wateja ni vivyo hivyo: wengine hulipa wakisikia biashara inafungwa, wengine hupotea kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa akaunti inafunguliwa. Upande wa debiti huandikwa mali zote zinazokwenda kuuzwa au kukusanywa, kwa thamani ya vitabuni: mashine, guta, mbao na samani, pamoja na madeni ya wateja. Fedha ya benki haiingii humo, kwa kuwa ni fedha tayari na haina cha kuuzwa. Gharama za kuuza, kama ujira wa dalali na usafiri, huandikwa upande huo huo. Upande wa krediti huandikwa kilichopatikana.

Katika mfano wetu mashine zimeuzwa milioni 7.5, mbao na samani milioni 4.3, na wateja wamelipa milioni 2.4. Guta halikuuzwa sokoni. Fundi amelichukua ili aendelee na kazi zake, na wamekubaliana lihesabiwe milioni 4.2. Gharama za kuuza zimefika laki 4. Akaunti inakuwa hivi, kwa mamilioni ya shilingi:

| Debiti | | Krediti | |
|---|---|---|---|
| Mashine | 12.0 | Benki: mashine | 7.5 |
| Guta | 5.0 | Benki: mbao na samani | 4.3 |
| Mbao na samani | 6.0 | Benki: wateja | 2.4 |
| Wateja wanaodaiwa | 3.0 | Mtaji wa Fundi: guta | 4.2 |
| Benki: gharama za kuuza | 0.4 | Hasara: Tajiri | 4.0 |
| | | Hasara: Fundi | 4.0 |
| Jumla | 26.4 | Jumla | 26.4 |

Kilichopatikana ni milioni 18.4 dhidi ya milioni 26.4, kwa hiyo hasara ni milioni 8. Hapa ndipo Fundi anapoweza kulalamika: mtaji wake ni milioni 6 tu na wa mwenzake ni 14, inakuwaje wabebe hasara sawa? Jibu ni kwamba hasara hufuata mgawanyo wa faida, haifuati ukubwa wa mtaji. Miaka yote minne Fundi alikuwa akipokea nusu ya faida, na sehemu ya faida hiyo ilitegemea uchakavu uliokadiriwa. Kama mashine zimeonekana leo kuwa na thamani ndogo kuliko makadirio, maana yake uchakavu uliokatwa ulikuwa mdogo, na faida waliyogawana sawa ilionekana kubwa kuliko ilivyostahili. Aliyekula nusu ya faida hiyo anairudisha kwa nusu ya hasara. Kwa Tanzania Bara, mambo ya ubia yamo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na msimamo wake ni kwamba wabia wasipokubaliana vinginevyo, hugawana faida sawa na huchangia hasara sawa. Wanaotaka hasara igawanywe kwa uwiano wa mtaji wana ruhusa, ila lazima wakubaliane hivyo.

Hasara hiyo haikatwi kwenye fedha iliyoko mezani. Hukatwa kwenye akaunti ya mtaji ya kila mbia, na hatua hiyo ndiyo watu wengi huiruka. Tajiri alikuwa na milioni 14. Toa 4 za hasara, amebaki na 10. Fundi alikuwa na milioni 6. Toa 4 za hasara, kisha toa 4.2 za guta alilochukua. Amevuka mtaji wake kwa milioni 2.2. Maana yake Fundi haidai karakana kitu. Yeye ndiye anayedaiwa, na anapaswa kuleta milioni 2.2 taslimu.

Tuangalie fedha. Benki kulikuwa na milioni 1, zimeingia 14.2 za mauzo na za wateja, zikatoka 0.4 za gharama. Kuna milioni 14.8. Malipo yana foleni yake. Wa kwanza ni wadai wa nje, milioni 5, na baada yao inabaki 9.8. Wa pili ni mkopo wa Tajiri, milioni 2, kwa sababu mbia aliyekopesha biashara hulipwa mkopo wake kabla ya mtaji wa mtu yeyote kurudishwa. Inabaki 7.8. Fundi analeta 2.2 zake, fedha inakuwa milioni 10, na hiyo ndiyo hasa haki ya Tajiri. Anapokea, benki inasoma sifuri, na akaunti zote za mtaji zinafungwa.

Sasa pima yale makubaliano ya haraka ya kukata nusu kwa nusu. Wangegawana milioni 7.8, kila mmoja angeondoka na 3.9. Fundi angekuwa na 3.9 pamoja na guta la 4.2, jumla milioni 8.1, wakati mtaji wake ulikuwa 6. Biashara imepata hasara ya milioni 8, naye angetoka na ziada ya milioni 2.1. Tajiri aliyekuwa na mtaji wa milioni 14 angerudi na 3.9, yaani angebeba hasara yote na kumlipa mwenzake juu yake.

Huenda Fundi kweli hana hiyo milioni 2.2. Kama hana mali wala namna ya kulipa, Tajiri hupokea 7.8 na upungufu unamwangukia yeye, maana hakuna mwingine wa kuugawana naye. Wabia wakiwa watatu au zaidi, swali la nani abebe pengo la mwenzao aliyefilisika huwa gumu zaidi. Mahakama ya Uingereza ililijibu mwaka 1904 katika kesi ya Garner dhidi ya Murray, kwamba wabia wenye uwezo hulibeba kwa uwiano wa mitaji yao. Kwa wadai wa nje, hali ni kali zaidi. Fedha ya karakana isipotosha kuwalipa, katika ubia wa kawaida wanaweza kudai mali binafsi za wabia, na hawalazimiki kumfuata tu yule aliyekwenda kukopa mbao.

Wengi hudhani kwamba benki ikifika sifuri na mitaji ikafungwa, hesabu ni sahihi. Kipimo hicho hukamata makosa ya kujumlisha na ya kuandika upande usio wake. Kuna kosa kisichoweza kulikamata. Tuseme karani amesahau kabisa kuandika kwamba Fundi amechukua guta. Hasara itapanda hadi milioni 12.2, kila mbia atabeba 6.1. Tajiri atabaki na 7.9, na Fundi atadaiwa laki 1 tu. Benki kuna 7.8, Fundi akileta laki yake, inakuwa 7.9, Tajiri analipwa, kila kitu kinafungwa vizuri. Vitabu vimesawazika, na Tajiri amepoteza milioni 2.1 bila kujua.

Hilo hutokea pia bila kusahau, kwa kupanga bei ya chini. Kila shilingi moja inayopunguzwa kwenye bei ya mali anayoichukua mbia, senti hamsini hutoka mfukoni mwa mwenzake pale wanapogawana hasara sawa. Guta lile likihesabiwa milioni 2 badala ya 4.2, Tajiri hupoteza milioni 1.1.

Kwa hiyo anayetaka kujilinda asianze kwa kukagua jumla. Achukue orodha ya mali kama ilivyokuwa siku ya kufunga, apitie moja moja, na kila moja iwe na jibu la maandishi: imeuzwa kwa nani na kwa risiti gani, imekusanywa, imeshindikana, au imechukuliwa na mbia gani kwa bei gani. Bei ya kitu anachokitaka mbia ipangwe kabla hajakibeba, na ikiwezekana ipatikane kwa kuuliza wanunuzi wawili watatu wa nje, ambao hawana faida katika ugomvi wenu. Na wanaoanza ubia leo waandike katika mkataba wao namna hasara itakavyogawanywa, wakati ambapo hakuna kati yao anayejua ni upande gani kifungu hicho kitamnufaisha.