Pea nne za viatu zanitosha, na kabati limepumua

Mwaka juzi nilivuka feri ya Likoni jioni, nikielekea arusi ya binamu yangu Mji wa Kale. Nilikuwa nimevaa viatu vyeusi vyenye kisigino ambavyo nilivinunua kwa pesa nzuri, nikavivaa mara mbili, kisha nikavirudisha ndani ya boksi lake vikakaa karibu miaka minne. Niliviweka akiba, kama tunavyosema. Tulipofika upande wa kisiwani, watu wakaanza kuteremka kwa kasi yao ile mnayoijua, nami nikasikia mguu wa kulia umekuwa mwepesi. Kutazama nyuma, soli yangu imebaki chini, imevunjika vipande kama biskuti iliyoingia maji. Hatua kumi mbele, ya kushoto nayo ikafuata. Niliingia arusini na patipati za kununua njiani, nimevaa gauni la kung'aa.

Nilidhani nimeuziwa kiatu kibovu. Fundi viatu ninayemwendea ndiye aliyenitoa ujinga. Alikishika, akakwaruza soli kwa ukucha, ikatoka unga. Akaniambia, "Dada, hiki hakikufa kwa kuvaliwa, kimekufa kwa kuwekwa."

Nilipoulizia zaidi nikaelewa. Soli nyingi nyepesi za siku hizi ni za plastiki ya povu iitwayo poliurethani. Ni laini na haichoshi mguu, lakini ina adui mmoja, unyevu. Maji yaliyo hewani huingia taratibu ndani ya povu na kukata vile vifungo vinavyolishikanisha, na joto huharakisha kazi hiyo. Sasa fikiria hewa yetu ya pwani, mtu unaoga saa mbili asubuhi na saa tatu umelowa tena. Kiatu cha namna hiyo kinazeeka ndani ya boksi hata kama hakijakanyaga chini, na wajuzi husema kinachovaliwa mara kwa mara hudumu zaidi ya kinacholala, kwa sababu kutembea hukibana kikatoa unyevu.

Nilikuwa na pea kumi na moja. Usiku ule niliziteremsha zote, nikabonyeza kila soli kwa ukucha wa kidole gumba. Soli nzima hubonyea na kurudi. Iliyoanza kuoza huacha alama isiyorudi, au hunata, au ukiikunja mbele, pale vidole vinapojikunja, huonyesha nyufa nyembamba. Pea nne zilikuwa tayari maiti. Mbili nyingine zilikuwa za ngozi bandia iliyobabuka. Hesabu ya kabati lililojaa ikawa uongo mtupu.

Kabla ya kununua kitu nilichukua kalenda ya ukutani, na kwa wiki mbili nikaandika kila nilipotoka nyumbani nilikwenda wapi na nilivaa nini. Siku kumi zilikuwa za kazini. Mimi hufanya kazi ya hesabu katika ofisi moja kisiwani, kwa hiyo kila siku hiyo ina feri mara mbili na mwendo wa miguu. Mara tatu nilikwenda sokoni, mara mbili matangani, mara moja arusini, na jioni kadhaa nilitembelea jamaa. Kwa mahitaji hayo zikatoka pea nne. Patipati za nyumbani na za kuogea sikuzihesabu, maana hizo ni kama ndoo, kila nyumba inazo.

Ya kwanza ni viatu vyeusi vya ngozi vya kufunika vidole, kisigino cha sentimita mbili na nusu, soli ya mpira iliyoshonwa pembeni, si kubandikwa kwa gundi peke yake. Hapa ndipo nilipotia pesa nyingi, kwa kuwa ndivyo vinavyobeba siku kumi kati ya kumi na nne. Nilivipata Kongowea, katika mitumba, baada ya kukunja na kubonyeza pea nyingi. Mitumba ina hatari hiyo hasa, kwani kiatu chaweza kuonekana kipya kwa sababu kililala miaka kwa mwenyewe kabla ya kufungwa kwenye robota. Ngozi ya kweli nilitambua kwa kutazama ukingo uliokatwa. Ukiona nyuzinyuzi kama za manyoya ni ngozi, na ukiona kitambaa kilichopakwa utando juu yake, siku zake zahesabika.

Viatu hivyo ndivyo vilivyoamua nguo zangu za kazi. Suruali nyeusi, sketi ya kijivu, sketi ya buluu iliyoiva, blauzi tano, na buibui mbili za kila siku. Mkoba ni mweusi. Asubuhi sifikirii, kila blauzi inakubaliana na kila kilicho chini yake.

Lakini jambo ambalo sikulijua, na ambalo nadhani litawafaa kina dada wengi, ni upindo. Nguo ndefu haipimwi kwa urefu wako, hupimwa kwa kiatu chako. Zamani nilikuwa na visigino vya kila kimo, na fundi cherehani alikuwa akinipima vile nilivyofika siku hiyo. Nikivaa viatu bapa, buibui iliyopimwa kwa kisigino kirefu inafagia sakafu ya feri, inarudi nyumbani na matope na mafuta. Nikivaa kisigino na buibui iliyopimwa kwa bapa, naonekana nimeazima kwa mdogo wangu. Sasa viatu vyangu vitatu vya kila siku vimepishana kwa sentimita moja na nusu tu. Nilikwenda kwa fundi na viatu vyeusi mguuni, nikamwambia apinde buibui na sketi ndefu zote ziache upana wa vidole viwili juu ya sakafu. Nikishuka kwenye makubadhi, upindo unashuka kidogo lakini haugusi chini. Kazi ya jioni moja, na nguo nilizokuwa nimezisusa kwa kudhani zimenikataa zikarudi kuvalika.

Hayo makubadhi ndiyo pea ya pili, ya rangi ya kahawia, ya kushonwa kwa mkono. Watu wa nje huyachukua kama kitu cha watalii, lakini kwangu ndiyo yanayofanya kazi ya jioni zote na Jumamosi na Jumapili. Madera, gauni la kitenge, suruali ya jinzi na shati refu, yote yanakaa juu ya ile kahawia. Nguo za nyumba hii ya pili nilizichagua za rangi zinazopatana nayo, kama majani mabichi, machungwa, haradali na buluu ya jinzi. Dera langu la zambarau lililokuwa likigombana nayo nilimpa dada yangu, ambaye alikuwa akilitamani siku nyingi hata hivyo.

Matangani pia ni makubadhi, na leso zangu juu. Mlangoni unavua kwa mguu tu, bila kuinama na kufungua mikanda huku watu wamejipanga nyuma yako. Weka alama ndogo ya uzi chini ya mkanda. Mimi nimeshawahi kurudi nyumbani na kubadhi la kushoto langu na la kulia la mtu mwingine, na mpaka leo mwenyewe hatujajuana.

Ukiyanunua, nenda alasiri, wakati mguu umeshavimba kidogo kwa joto na kutembea, na uchague yanayokubana kiasi. Ngozi hulegea kwa kuvaliwa. Yaliyokaa vizuri dukani, baada ya mwezi yatakuwa yakipiga kofi kila hatua. Kisha kabla hujayavaa mpelekee fundi abandike na kushona kipande chembamba cha mpira chini, kwa sababu soli ya ngozi tupu kwenye sakafu iliyolowa ni sawa na sabuni. Mimi nililipa shilingi mia tatu. Na mvua ya masika ikianza, yapumzishe. Ngozi iliyoshiba maji huwa ngumu na kupinda.

Hapo ndipo inapoingia pea ya tatu, raba nyeupe za turubai. Sina mengi ya kusema juu yake. Soli yake ni mpira wenyewe, si povu, kwa hiyo haina ule ugonjwa wa kumomonyoka, na bei yake haiumizi. Navaa raba sokoni, siku za mvua, na asubuhi zile ambazo viatu vyeusi vililowa jana. Kiatu cha ngozi kilicholowa huhitaji siku nzima, pengine mbili, kukauka, kikiwa kimejazwa gazeti ndani na kuwekwa kivulini penye upepo. Ukikianika juani kitapasuka. Kwa hiyo raba lazima ikubaliane na sketi ya kijivu na suruali nyeusi, na nyeupe haikatai. Zikifuliwa, suuza mpaka sabuni iishe kabisa, uzifunike kwa karatasi nyeupe ya chooni wakati wa kukauka. Ule umanjano hutoka ukashikwa na karatasi badala ya turubai.

Pea ya nne ilinisumbua kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyoniaibisha. Arusi zetu mwaka huu zaweza kuwa nne, mwakani mbili. Nikinunua kiatu cha arusi tupu, nitakirudisha kulekule kwenye boksi kikafie huko. Nilichagua kiatu cha kisigino kinene cha sentimita tano, rangi ya dhahabu iliyofifia, soli na kisigino vikiwa vya mpira. Rangi hiyo inapita kote, kwenye gauni jeusi lenye nakshi, kwenye nguo za kitenge, hata kwenye lile gauni la kung'aa la siku ile. Nguo zinazoandamana nacho ni tatu tu, nazo zimepindwa kwa kimo chake, hazichanganyiki na za kazini. Ni kweli kwamba siku nikitaka kuivaa buibui ya nakshi na makubadhi, itaburura. Nimekubali hasara hiyo.

Ili kisilale, nimekipa kazi. Mara moja kila mwezi nakivaa, arusi iwepo isiwepo. Mwezi uliopita nilikwenda nacho kwenye chai ya jirani, akaniuliza nani anaolewa. Nacho hakikai tena ndani ya boksi. Kiko juu ya rafu iliyo wazi pamoja na wenzake, mahali upepo wa dirishani unapofika.

Mpango huu una mipaka yake. Muuguzi anayesimama saa kumi na mbili, au anayefanya kazi bandarini, atahitaji kiatu cha kazi ambacho mimi sikukiorodhesha, na pengine pea mbili zinazofanana ili zipokezane kukauka. Na pea nne zikivaliwa kila siku huisha. Vile vyeusi vimeshabadilishwa soli mara moja, na fundi alikubali kwa kuwa ngozi ya juu ilikuwa nzima. Viatu vilivyokufa kwenye feri alikataa kuvishika, maana juu na chini vyote vilikuwa plastiki, hapakuwa na pa kupitisha sindano.

Boksi lake ninalo bado. Naweka nyuzi na vifungo.