Hedhi Iliyopotea Baada ya Kusafishwa Kizazi

Mwanamke ambaye siku zake hazirudi miezi kadhaa baada ya kusafishwa kizazi hakosi washauri. Shoga atamwambia homoni zimevurugika. Wa duka la dawa atampa vidonge vya kushusha hedhi, na muuza dawa za asili atampa chupa ya kuondoa uchafu uliobaki. Kumbe mara nyingi homoni zake ni nzima kabisa. Ovari zinafanya kazi, yai linapevuka, na matiti yanajaa na kuuma kila mwezi kama zamani. Penye hitilafu ni ule ukuta ambao damu ingetokea: umeota makovu, na pande zake mbili zimegandana.

Hali hii madaktari huiita ugonjwa wa Asherman, kwa jina la daktari Joseph Asherman, aliyeandika habari za wanawake 29 wa namna hiyo mwaka 1948. Daktari Mjerumani Heinrich Fritsch alikuwa ameshaieleza tangu 1894, lakini jina likabaki kwa mwenzake.

Utando wa ndani ya kizazi una tabaka mbili. Ya juu hunenepa kila mwezi kwa nguvu ya homoni, na mimba isipotunga hubomoka ikatoka na damu. Ya chini haitoki. Ndiyo inayochipusha tabaka mpya mwezi unaofuata. Ni kama nyasi na mizizi yake: ukifyeka zitaota, ukichimbua mizizi utabaki na udongo mtupu. Chombo cha chuma kikikwangua kupita kiasi, ile tabaka ya chini huondoka, na kidonda cha ukuta wa mbele hugusana na cha ukuta wa nyuma. Wakati wa kupona vinaungana.

Hatari ni kubwa zaidi kizazi kikiwa na mimba au kimetoka kuibeba, kwa sababu ukuta wake huwa laini na ni rahisi kukwangua ndani mno. Wiki ya pili hadi ya nne baada ya kujifungua ndiyo mbaya kuliko zote. Homoni ya estrojeni, inayosaidia utando kuota upya, huwa chini wakati huo, hasa kwa anayenyonyesha, kwa hiyo kovu linatangulia. Mimba iliyofia tumboni ikakaa muda kabla ya kutolewa nayo huongeza hatari. Upasuaji wa uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, unaweza kuleta makovu hayo hayo, hasa uvimbe ukiwa umeingia ndani ya chumba cha kizazi.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 28. Amejifungua salama, lakini wiki ya tatu damu inaanza kumtoka kwa wingi. Kipande cha kondo kimebaki, anasafishwa, damu inakoma. Ananyonyesha mwaka mzima bila kuona siku zake wala kushtuka, kwa kuwa anajua kunyonyesha huzuia hedhi. Mtoto anaachishwa ziwa, miezi minne inapita, anaona matone ya siku moja yasiyochafua hata pedi moja. Kila mwezi tumbo la chini linambana siku mbili tatu.

Daktari makini ataanza na yaliyo ya kawaida. Atapima mimba. Atauliza kama amechoma sindano ya uzazi wa mpango, maana hiyo huweza kuzuia hedhi miezi mingi hata baada ya kuiacha. Kisha atauliza swali ambalo wengi hulishangaa: baada ya kujifungua, maziwa yalitoka? Mwanamke aliyevuja damu nyingi mno wakati wa uzazi anaweza kuharibikiwa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Huyo naye hukosa hedhi, lakini kwa kawaida huwa alikosa na maziwa, na huandamwa na uchovu. Mama wetu alinyonyesha vizuri, kwa hiyo macho yanarudi kwenye kizazi.

Anapewa vidonge vya projesteroni siku kumi. Mwenye estrojeni ya kutosha na utando mzima hutokwa damu siku chache baada ya kuviacha. Haoni kitu. Anapewa estrojeni wiki tatu, kisha projesteroni juu yake, bado kimya. Kimya hicho ni jibu. Homoni zimefika ukutani, ukuta haukuitikia au njia imezibwa. Kuendelea kununua vidonge vile vile baada ya hapo ni kupoteza fedha, na kwa mwenye kutafuta mtoto, ni kupoteza miaka.

Kinachofuata ni kipimo cha HSG, ambapo dawa inayoonekana kwenye eksirei hupitishwa katika mlango wa kizazi. Chumba kizima hutokea kama pembetatu nyeupe yenye kingo laini. Penye makovu panabaki mapengo meusi, au dawa inakwama mlangoni. Ultrasaundi ya kawaida inaweza kuonyesha utando mwembamba na bado ikakosa makovu yenyewe. Hakika hasa hupatikana kwa histeroskopi, yaani kamera nyembamba inayoingizwa hadi ndani ya kizazi.

Yale maumivu ya kila mwezi, kwa kweli, ni dalili yenye heri kidogo. Yanaonyesha kuna sehemu ya utando iliyo hai na damu yake imekosa pa kutokea. Huenda kovu liko karibu na mlango tu, na juu yake chumba ni kizima. Asiyeona damu wala kusikia maumivu huenda utando wake umeharibika karibu wote, na huyo ndiye mgumu kutibu.

Katika nchi zetu lazima kifua kikuu kifikiriwe pia, hasa kama mwanamke hajawahi kusafishwa wala kupasuliwa. Vijidudu husafiri kwa damu kutoka kwenye mapafu, vikaingia kwenye mirija ya uzazi kisha kizazi, na mgonjwa anaweza asiwe na kikohozi hata kidogo. Hapo hukatwa kinyama cha utando kikapimwe. Dawa za TB huua vijidudu, lakini haziondoi kovu, na matumaini ya kushika mimba huwa madogo kuliko kwa aliyekwanguliwa.

Kwa mama wetu, tiba ni kukata makovu kwa mkasi mdogo huku kamera ikiongoza. Kukata si mwisho, kwani kuta zilizotoka kuachanishwa zinatamani kushikana tena. Ndiyo maana wengi huacha kipulizo kidogo ndani kwa siku kadhaa kuzitenganisha, wakatoa estrojeni ili utando uote, kisha wakarudisha kamera baada ya mwezi mmoja au miwili. Makovu mazito yanaweza kuhitaji kukatwa zaidi ya mara moja.

Makovu mengi yangeepukika mwanzoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mabaki ya mimba changa yatolewe kwa kufyonzwa au kwa vidonge vya misoprosto, badala ya kukwanguliwa kwa chuma. Anayeambiwa atasafishwa ana haki ya kuuliza ni kwa njia ipi.

Na hedhi ikirudi, mimba ikatunga, mkunga aambiwe mapema juu ya makovu. Kondo la nyuma linaweza kujichimbia ndani mno penye utando mwembamba, likakataa kutoka na kuleta damu nyingi. Mama huyo ajifungulie hospitali yenye damu ya akiba na chumba cha upasuaji, hata kama mimba imekwenda bila tatizo.